Pete ya kila siku: mimi nachagua spineli

Anayetaka pete yenye jiwe la rangi lakini hana fedha za rubi huonyeshwa spineli, ganeti na turmalini. Kwa hereni au kidani, chukua lolote linalokupendeza. Kwa pete isiyovuliwa, maoni yangu ni spineli kwanza, ganeti pili, na turmalini kwa masharti.

Sababu yangu ni vumbi. Vumbi la nyumbani na barabarani huwa na chembe za mchanga wa kwatzi, ambao ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambamo chenye namba kubwa hukwaruza chenye namba ndogo. Spineli ina 8. Ganeti nyingi za vito na turmalini ziko kati ya 7 na 7.5, yaani zinaushinda mchanga huo kwa unywele tu. Shika lenzi ya sonara utazame turmalini iliyovaliwa miaka mingi: kingo zinapokutana nyuso za jiwe, ambazo zilikuwa kali, zimelika na kuwa butu, na mng'ao umefifia. Ukinunua pete iliyotumika, anzia hapo.

Binamu yangu muuguzi alitaka jiwe la waridi. Ananawa mikono kutwa nzima na kuvaa glavu, kwa hiyo kucha ndefu za kushikia jiwe zingemchania glavu kila mara. Nilimshauri achukue spineli ndogo, ya milimita 5, izungushiwe ukingo wa dhahabu usioinuka sana. Spineli za Mahenge za waridi linalowaka zimepanda bei mno tangu fuwele kubwa zilipopatikana huko mwaka 2007, ila zile za zambarau iliyopauka au kijivu bado zinashikika. Akachukua ya zambarau. Waridi lenyewe angelipata kwa bei nafuu kwenye ganeti ya rodolaiti, lakini asiitake kubwa, kwa kuwa rodolaiti kubwa mara nyingi huonekana nyeusi ukiwa ndani ya nyumba.

Usilinganishe mawe haya kwa karati, maana hicho ni kipimo cha uzito. Turmalini ni nyepesi, ganeti ni nzito. Zikiwa na karati moja kila moja, turmalini itaonekana kubwa zaidi. Uliza milimita.

Hatari ya spineli ni nyingine: ya kiwandani imejaa sokoni, ni safi mno na bei yake ni ndogo sana. Kwa macho tu huwezi kuitambua, hata ujidai mjuzi. Jiwe la bei ya maana lipimwe maabara kabla hujalipa.

Na turmalini? Ikikukamata moyo, ichukue iliyozungushiwa ukingo, uivue unapopika na kufua. Turmalini nyingi zina nyufa ndogo ndani na hazipendi joto la ghafla. Siku pete ikihitaji kuongezwa ukubwa, mwambie sonara alitoe jiwe kabla ya kuwasha moto.