x iwe nini? Korija za boriti na hesabu za hadithi

"Mwalimu, wewe watwambia x iwe kile kinachoulizwa. Skuli twaambiwa x iwe chochote kinachorahisisha. Sasa nimfuate nani?"

Aliyeuliza ni binti wa kidato cha pili, jioni moja ya masomo ya ziada hapa Langoni, Lamu. Nilimjibu harakaharaka kwa kuwa adhana ilikuwa karibu, na jibu langu halikunikaa vizuri. Nalirudia hapa kwa utulivu, kupitia swali lenyewe tulilokuwa tukilifanya.

Swali lilikuwa hivi. Mfanyabiashara amenunua korija 14 za miti ya mikoko, nyingine za mazio, ambayo ni miembamba, nyingine za boriti, ambayo ni minene zaidi. Korija ya mazio ni shilingi 3,000 na ya boriti ni shilingi 5,000. Jumla amelipa shilingi 54,000. Je, alinunua miti mingapi ya boriti? (Bei ni za daftari langu. Asije mtu na shilingi 5,000 mkononi akadai korija.) Korija, kwa asiyezoea biashara ya miti, ni vipande 20.

Tuanze na njia niliyokuwa nikiifundisha mimi. Kinachoulizwa ni idadi ya miti ya boriti, basi hiyo ndiyo x. Korija 14 ni miti 280, kwa hiyo mazio ni 280 − x. Bei imetolewa kwa korija, nasi tunahesabu mti mmojammoja, kwa hiyo kila bei inagawanywa kwa 20: boriti moja ni shilingi 250, zio moja ni shilingi 150.

```
250x + 150(280 − x) = 54000
100x + 42000 = 54000
x = 120
```

Boriti ni 120. Uzuri wake ni kwamba x ikipatikana, kazi imekwisha. Hakuna hatua ya kusahau. Ubaya wake ni kule mwanzo: mwanafunzi lazima ageuze korija kuwa miti na bei ya korija kuwa bei ya mti, vyote viwili, kabla hajaandika hata mlinganyo. Akigeuza kimoja akasahau cha pili, ataandika 5000x + 3000(280 − x) = 54000, na x itamtokea −393. Huyo ana bahati, maana idadi ya miti iliyo chini ya sifuri inapiga kelele yenyewe.

Njia ya pili yafuata ulimi wa hadithi. Hadithi inazungumza kwa korija, bei ni kwa korija, basi x iwe idadi ya korija za boriti.

```
5000x + 3000(14 − x) = 54000
2000x + 42000 = 54000
x = 6
```

Nyepesi, namba ndogo, hakuna kugawanya. Lakini hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huanguka: wanaandika "Jibu: 6", wanapigia mstari, wanafunga daftari. Swali halikuuliza korija. Jibu ni 6 × 20, yaani miti 120. Mwenye nyumba akipelekewa boriti sita badala ya 120, hata dari ya chumba kimoja cha kizamani haitafunikwa.

Kwa hiyo kila upande una hoja. Wanaosema x iwe kinachoulizwa wanaogopa kosa la mwisho. Wanaosema x iwe kinachorahisisha wanaogopa kosa la mwanzo. Ukiniuliza ni lipi baya zaidi, nitasema la mwanzo, kwa sababu mlinganyo ukiandikwa vibaya kila kinachofuata kimeharibika, ilhali aliyesahau kuzidisha kwa 20 bado ana kazi sahihi mkononi na amebakisha hatua moja. Ndiyo maana siku hizi nimelegeza kanuni yangu. Sikuiacha kabisa. Mtoto anayebabaika, asiyejua pa kuanzia, bado namwambia aanze na kinachoulizwa, kwa kuwa angalau kanuni hiyo inamnyanyua kalamu. Aliyekwisha kushika mwendo namwachia achague, kwa sharti la mistari miwili kabla ya mlinganyo wowote:

```
x = idadi ya korija za boriti
Jibu linalotakiwa = 20x
```

Mstari wa pili unaondoa hofu ya upande wa kwanza. Umeandikwa mapema, wakati akili bado iko kwenye swali, na unamngoja mwisho wa kazi.

Mstari wa kwanza ndio ninaougombania zaidi. Neno "idadi" si pambo. Nikiwaachia, wanafunzi huandika "x = boriti". Boriti ni mti, na mti haujumlishwi wala hauzidishwi. Kinachozidishwa ni idadi, bei, urefu, muda. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alikiita kisichojulikana "shay'", yaani kitu, na yeye alijua vyema kitu hicho ni kiasi gani cha nini. Mwanafunzi wetu haongezi hilo "cha nini".

Matokeo yake yamechunguzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Clement na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliwapa wanafunzi wa uhandisi sentensi moja: katika chuo hiki, wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Waiandike kwa S, idadi ya wanafunzi, na P, idadi ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na kosa lililozagaa lilikuwa 6S = P. Waliiandika kama mtu anayesoma lebo: wanafunzi sita kwa profesa mmoja. Sahihi ni S = 6P. Dawa yake ni namba za kubuni. Sema maprofesa ni 10, basi wanafunzi ni 60. Je, 6 × 60 ni 10? Kosa linajitoa lenyewe. Kwa Kiswahili mtego ni uleule, kwa kuwa "wanafunzi ni mara sita" inatanguliza wanafunzi na kuweka sita jirani yao.

Sasa tuje kwenye kuhakiki, ambako naona walimu wa pande zote mbili tunakosea pamoja. Tunawaambia watoto, "rudisha jibu kwenye mlinganyo". Turudi kwa mfanyabiashara wetu. Mwanafunzi mmoja aliandika x = korija za boriti, kisha akachanganya bei:

```
3000x + 5000(14 − x) = 54000
x = 8
```

Akahakiki kama alivyofunzwa: 3000 × 8 ni 24,000, na 5000 × 6 ni 30,000, jumla 54,000. Akaweka alama ya vema, akaandika miti 160. Amekosea, na uhakiki wake umemsifu, kwa sababu alimuuliza shahidi yuleyule aliyemdanganya. Mlinganyo unajua tu kama umetatuliwa sawasawa. Haujui kama ulimsikia vizuri mwenye hadithi.

Uhakiki wa kweli hufanywa mlinganyo ukiwa umefunikwa kwa kiganja. Soma swali upya, sentensi kwa sentensi, kana kwamba jibu umeletewa na mtu mwingine. Miti 160 ya boriti ni korija 8. Korija zote ni 14, basi mazio ni korija 6. Boriti korija 8 kwa shilingi 5,000 ni 40,000. Mazio korija 6 kwa shilingi 3,000 ni 18,000. Jumla ni 58,000, na mfanyabiashara alilipa 54,000. Kosa limeonekana. Ukifanya hivyohivyo kwa 120, boriti ni 30,000, mazio korija 8 ni 24,000, na jumla inakaa.

Kuna wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuza: katika mtihani muda ni mchache, na kusoma swali upya kunakula dakika. Ni kweli. Kwa swali jepesi la mlinganyo mmoja, mimi mwenyewe ningeruka hatua hii nikibanwa. Lakini kuna maswali ambayo uhakiki wa mlinganyo peke yake hauna pa kukusaidia, hata pale mlinganyo ulipo sahihi.

Chukua mashua. Inakwenda kilomita 12 na mkondo wa maji, kisha inarudi kilomita 12 dhidi ya mkondo. Mkondo ni kilomita 1 kwa saa, na safari yote ni saa 5. Mwendo wa mashua kwenye maji yaliyotulia ni upi? Mwendo uwe v:

```
12/(v + 1) + 12/(v − 1) = 5
5v² − 24v − 5 = 0
(v − 5)(5v + 1) = 0
```

Majibu ni mawili, 5 na −0.2. Irudishe −0.2 kwenye mlinganyo: 12 ugawe kwa 0.8 ni 15, na 12 ugawe kwa −1.2 ni −10. Jumla ni 5. Mlinganyo umeridhika kabisa! Hadithi ndiyo inayokataa, kwa kuwa hakuna safari ya kurudi inayochukua saa kumi chini ya sifuri. Ile 5 inatoa saa 2 za kwenda na saa 3 za kurudi, nayo hadithi inaikubali.

Swali hili nilimsomea mzee mmoja nahodha pale gatini, nikitaka kumfurahisha tu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na huyo nahodha wako, mwanangu, mbona arudi maji yakimpinga?" Ana haki. Aliyetunga swali alifikiria mto, ambao maji yake huenda upande mmoja siku zote. Katika mkondo wetu wa Lamu maji hupwa kwa saa sita na kitu, kisha yanageuka na kujaa. Anayejua kazi yake hung'oa nanga ili afike maji yakikaribia kugeuka, halafu anarudi nayo. Kwa nahodha huyo kwenda na kurudi vyote ni 12/(v + 1), na hesabu ni nyingine:

```
24/(v + 1) = 5
v = 3.8
```

Kilomita zilezile, saa zilezile, mkondo uleule, lakini jibu limeshuka kutoka 5 hadi 3.8. Mzee hakuridhika hata na hilo. Alisema maji hayana kilomita moja kwa saa kutwa nzima, karibu na kugeuka husimama kwanza, kwa hiyo hesabu yangu ingali ya mtu wa nchi kavu. Binti wa kidato cha pili aliponiona siku ya pili yake nilimpa maswali yote mawili, la mto na la bahari, bila kumwambia lipi ni lipi, nikamtaka kwanza aniandikie x ni idadi ya nini.