Chaneli iliyoganda, na asilimia inayofurahisha bure

"Chaneli yangu ya ufugaji wa kuku ilipanda vizuri miezi sita ya mwanzo. Sasa mwezi wa tano imeganda palepale, inatazamwa kama mara 45,000 kwa mwezi. Video ni nzuri, maana CTR, yaani asilimia ya wanaobofya video baada ya kuonyeshwa kijipicha chake, imetoka 5.1% hadi 8.4%. Napandisha mbili kwa wiki. Nifike tatu, au YouTube wamenibana?"

Karibu kila mtu ambaye mfugaji huyu aliyeniandikia atamuuliza atamwambia afike tatu, na wanaosema hivyo si wajinga. Video inayojibu tatizo la kweli huendelea kutafutwa hata baada ya miaka miwili, kwa hiyo kila unayoongeza ni kama mti mwingine shambani. Tena mambo ya kuku yana misimu yake. Kideri kikipita vijijini watu hutafuta usiku na mchana, kikitulia nao wanatulia. Anayelinganisha mwezi na mwezi uliotangulia anaweza kuona mgando mahali ambapo msimu tu umebadilika, na alinganishe na mwezi uleule wa mwaka jana, kama chaneli ina umri huo. Hilo nalikubali.

Ila nilimwomba picha ya ukurasa wake wa YouTube Studio, na hapo ndipo ninapoachana na wenzangu wa kuongeza video. Kwenye Impressions, yaani idadi ya mara ambazo kijipicha cha video kimewekwa mbele ya macho ya mtu ndani ya YouTube, alikuwa na 900,000 kwa mwezi kabla ya kuganda. Sasa ana 540,000. Chukua kalamu: 5.1% ya 900,000 ni kama 45,900, na 8.4% ya 540,000 ni kama 45,400. Idadi ya waliotazama ni karibu ileile, lakini njia waliyopita ni nyingine kabisa.

Ile asilimia anayojivunia ndiyo dalili ya ugonjwa. Kijipicha kikioneshwa kwa watu wengi wasiokujua, wengi watapita bila kubofya na CTR itashuka. Kikioneshwa kwa wachache wanaokuhitaji kweli, CTR itapanda. Kwa hiyo CTR inayopanda huku Impressions zikishuka haisemi kwamba vijipicha vimekuwa vizuri. Inasema YouTube imeacha kuipeleka chaneli kwa wageni na imebaki na wale ambao wangekuja hata kwa kijipicha kibovu. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli zote zina CTR kati ya 2% na 10%, kwa hiyo 8.4% peke yake haimtofautishi na mtu yeyote. Nimeona watu wakiisherehekea namba hii miezi mizima huku chaneli inanywea. Soma Impressions kwanza, CTR baadaye.

Sasa kwa nini zimeshuka? Traffic source types inaonesha kwamba kati ya kila watazamaji kumi, saba wanatoka YouTube search, na wengi wao wanaishia kwenye video mbili, zote za dawa ya kuhara damu kwa vifaranga. Fikiria anayeandika maneno hayo. Ni saa mbili usiku, vifaranga wamejikunyata chini ya taa, wawili wameshakufa. Anataka jina la dawa na kipimo cha kuchanganya kwenye maji. Akikipata anaondoka, kama mtu aliyetoka duka la dawa. Hakuna anayepitia duka la dawa kesho kusalimia tu.

Hicho ndicho kikomo cha mada. Wenye vifaranga wanaohara usiku wa leo ni idadi fulani, na chaneli imeshawafikia karibu wote inaoweza kuwafikia. Ameongeza video tano nyingine za kuhara kwa majina tofauti, na unaona wazi jinsi kila mpya inavyokula ya zamani: jumla ya zote saba haijasogea, zimegawana tu wateja walewale. Video ya tatu kwa wiki ingekuwa ya nane kwenye foleni hiyo.

Muundo nao una kasoro, ingawa sidhani ndio uliosababisha mgando. Video yake kubwa ina dakika 14, na sekunde 48 za kwanza ni salamu, shukrani na kuomba watu wajiunge. Kwenye grafu ya Audience retention, ikifika 0:30 wamebaki 41% tu. Halafu dakika ya tisa mstari unainuka kama kichuguu. Pale ndipo anapoinua kopo na kusoma kipimo, watu wanaruka hadi hapo na wengine wanarudia. Watazamaji wamemwambia kwamba walitaka dakika tatu. Awape tatu, kopo likiwa mkononi tangu sekunde ya kwanza. Atawaheshimu na atatunza nafasi yake kwenye utafutaji, lakini mgonjwa aliyehudumiwa haraka bado hatakuwa mgeni wa kila wiki.

(Alijaribu pia Shorts, zile video fupi za YouTube, akaona namba zinaruka. Tangu tarehe 31 Machi 2025 YouTube inahesabu Shorts kila inapoanza kucheza, hata mtu akiipitisha papo hapo. Kwa kupima mgando, hizo aziweke kando.)

Jibu lipo kwenye ukurasa wa Audience. Wanaorudi ni mstari mwembamba unaotambaa chini, wapya ni mlima juu yake. Lakini kwenye orodha ya video nyingine ambazo watazamaji wake wanatazama, hakuna magonjwa mengi. Kuna ujenzi wa banda la bei nafuu, bei ya vifaranga vya chotara, mtu anayepiga hesabu ya chakula. Kumbe si wagonjwa tu. Ni watu wanaoanza kufuga, na kuhara damu ulikuwa usiku mmoja wa safari yao.

Kwa hiyo sisemi aikimbie mada ya kuku, kosa ambalo wapinzani wangu wanaliogopa kwa haki. Abaki na video mbili kwa wiki. Moja iendelee kuwa ya tiba, fupi, kwa ugonjwa ambao hajaugusa. Nyingine ifuate vifaranga 100 kutoka siku ya kwanza hadi wauzwe: gunia la chakula limegharimu ngapi, wamekufa wangapi, chanjo imewekwa lini. Atakayeona wiki ya pili atataka kujua ya tatu. Na mwisho wa kila video ya kuhara damu amwelekeze mtu kwenye video ya wiki ya kwanza, maana huyo wa saa mbili usiku ndiye huyohuyo atakayetaka kujua chakula cha mwezi kinagharimu kiasi gani.

Asihukumu kwa saa 48. Kila baada ya siku 28 aangalie mambo mawili: idadi ya wanaorudi, na Impressions zinazotoka Browse features, yaani hasa ukurasa wa mwanzo wa mtazamaji. Zikianza kuongezeka, CTR yake itashuka, huenda ikarudi kwenye 5%. Hapo ndipo wengi hushtuka na kurudi walikotoka, wakati kushuka huko ndiyo habari waliyokuwa wakiisubiri.

Na wiki nane zikipita, Browse features ikabaki palepale na wanaorudi hawajaongezeka, basi watazamaji wake ni wa dawa tu, nami nitakuwa nimekosea. Wenzangu wa video tatu kwa wiki watakuwa na haki, na aanze na ndui, minyoo na mafua, ambavyo bado hana hata video moja.