Nywila imekataliwa, na hakuna anayesema kwa nini

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa shangazi yangu mtaani Umoja, nikimfungulia akaunti ya mtandaoni ya chama chake cha akiba na mikopo. Programu ya kutunza nywila ilitunga nywila ya herufi 20, nikainakili. Kisanduku cha usajili kikakataa nisiibandike. Nikaiandika kwa kidole, herufi moja moja, mara mbili, kila herufi ikigeuka kitone cheusi. Jibu likaja kwa rangi nyekundu: `Invalid password`. Basi, hakuna zaidi.

Nikapunguza hadi herufi 16, ikakataa. Nikafika 12, `Kw7&tRm2pLx9`, ikakataa pia. Hapo nikabadilisha kitu kimoja tu: nikatoa `&`, nikaweka `!`. Ukurasa uliofuata ukafunguka! Nikarudi nyuma nikaongeza herufi ya 13, ikakataa tena. Kumbe kulikuwa na masharti mawili, urefu na alama, na hakuna hata moja lililoandikwa popote.

Shangazi alikuwa amechoka. "Mwanangu, si uweke tu `Nairobi@2024` tumalize?" Nikaijaribu, nayo ikapita. Hilo ndilo linaloniudhi. Ina herufi kubwa, alama na tarakimu, lakini jina la mji, alama na mwaka ni mpangilio ambao programu za kubahatisha nywila huujaribu mapema kabisa.

Kikomo cha 12 hakina sababu nzuri. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauhifadhi nywila yenyewe, huipitisha kwenye hesabu inayotoa matokeo ya urefu uleule, uwe umeandika herufi 8 au 60. Kwa hiyo kikomo kifupi hivyo hunitia shaka kuhusu jinsi nywila zetu zinavyotunzwa. Kukataa `&` nako mara nyingi ni woga wa alama kuvuruga mfumo, woga unaotibiwa kwa kuandika programu yenyewe ipasavyo. Mteja hahusiki.

Kuzuia kubandika mara nyingi ni kipande hiki tu:

```html
<input type="password" onpaste="return false">
```

Wanaoweka wanadhani wanaongeza usalama, ilhali wanayemwadhibu ni yule mwenye nywila ndefu asiyoikariri. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulishauri tangu 2017 kwamba watu waruhusiwe kubandika, nywila za hadi angalau herufi 64 zikubaliwe, na masharti ya kuchanganya aina za herufi yaachwe. Badala yake, nywila ilinganishwe na orodha ya zile zilizokwisha kuvuja, na ikikataliwa mtu aambiwe sababu.

Jumatatu nilikiandikia chama hicho. Nimeomba `onpaste` iondolewe, na masharti yaandikwe juu ya kisanduku kabla mtu hajaanza kuchapa. Akaunti ya shangazi kwa sasa ina nywila ya herufi 12, tofauti na zote nilizoziandika hapa, na ameiandika nyuma ya daftari lake la michango, kwa sababu kila akiingia atalazimika kuichapa kwa mkono.