Kuuza hisa za kukopa: kikomo cha hasara kiwekwe wapi?

Kuuza hisa za kukopa ni kuazima hisa, kuziuza, kisha kuzinunua tena na kumrudishia mwenyewe, ukitegemea kuwa bei itashuka. Wapo wauzaji wazoefu wa hisa za kukopa wanaopinga kikomo cha hasara kinachojifunga chenyewe, yaani agizo la kuzinunua tena mara bei ikifika kiwango ulichopanga, na hoja yao ina uzito. Hisa ikiwa adimu, ukiirudisha leo kwa sababu bei imeruka saa moja tu, kesho huenda usipate wa kukukopesha tena. Umekula hasara na nafasi imekuponyoka, hata kama uchambuzi wako ulikuwa sahihi. Isitoshe, kwa aliyeuza hisa za kukopa, kila agizo la kukata hasara ni agizo la kununua. Yakiamka mengi kwa pamoja, yanaisukuma bei juu zaidi.

Kisa cha Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani, kinawapa haki kiasi. Jumapili, tarehe 26 Oktoba 2008, Porsche ilitangaza kuwa inamiliki asilimia 42.6 ya hisa za kampuni hiyo, na ina mikataba ya opsheni juu ya asilimia 31.5 nyingine. Jimbo la Saksonia ya Chini lilishika takriban asilimia 20. Zilizobaki sokoni zilikuwa kama asilimia 6, wakati zilizokopwa na kuuzwa zilikadiriwa kufika asilimia 12. Bei iliyokuwa karibu na yuro 210 siku ya Ijumaa ilivuka 1,000 siku ya Jumanne. Kabla mwaka 2009 haujaisha, ilikuwa imeshuka chini ya pale ilipoanzia. Kwa hiyo aliyesema hisa ile ina bei kubwa mno alisema kweli.

Lakini ni nani angeweza kusubiri hadi wakati huo? Hapo ndipo ninapoachana nao, kwa sababu anayeamua muda wako wa kusubiri si wewe peke yako.

Chukua mfano. Umekopa hisa 1,000 na kuziuza kwa dola 20, jumla dola 20,000. Kampuni ikifa kabisa, hizo ndizo faida yako ya juu kabisa, kabla ya gharama. Ada ya kukopa ni asilimia 40 kwa mwaka, hivyo kwa hesabu ya siku 360 unalipa kama dola 22 kila siku. Bei ikipanda hadi 30, wengi nao wakaitaka hisa hiyo, ada inaweza kuruka hadi asilimia 90. Ada hutozwa kwa thamani ya sasa, si kwa bei uliyouzia, kwa hiyo sasa unalipa dola 75 kwa siku, juu ya hasara ya dola 10,000 na dhamana ya ziada anayoidai dalali.

Kisha mwenye hisa anazitaka, labda kwa sababu ameamua kuziuza. Dalali atatafuta mkopeshaji mwingine, na asipompata atanunua hisa sokoni kwa akaunti yako, kwa bei yoyote iliyopo. Hakuulizi kama bado unaamini uchambuzi wako. Kikomo kipo hata kwa anayekikataa, ila kimeshikwa na dalali, na hufunga siku mbaya kuliko zote.

Hata hivyo, agizo la kukata hasara peke yake halitoshi. Aliyeweka agizo kwenye yuro 250 Ijumaa ile hakununua kwa 250, maana Jumatatu soko lilifunguliwa juu sana ya hapo. Agizo hilo hugeuka kuwa agizo la kununua kwa bei ya soko. Bei ikiruka usiku, hakuna cha kukamatia katikati.

Kikomo cha kweli huanzia kwenye idadi ya hisa. Tuseme akaunti ina dola 50,000 na hutaki kupoteza zaidi ya 1,500 bei ikijirudufu usiku mmoja. Kwa hisa ya dola 20, hiyo ni hisa 75, si 1,000. Bei ikipanda mara tatu, bado utapoteza 3,000, hivyo ukubwa mdogo hupunguza hatari bila kuifuta. Kinachoifuta juu ya kiwango fulani ni opsheni ya kununua, yaani haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya muda fulani kuisha. Ukiwa umeuza hisa 100 kwa dola 20 na unashika opsheni ya kununua hisa 100 kwa dola 25 kila moja, hasara ya bei haizidi dola 500, mbali na gharama ya opsheni na ada. Dalali akikununulia kwa nguvu kwenye 40, opsheni inabaki mkononi ikiwa na thamani ya dola 15 au zaidi kwa kila hisa, mradi muda wake haujaisha.

Ada nayo iwekewe kikomo chake. Ikivuka kiwango ulichopanga kabla ya kuuza, nafasi ifungwe hata kama bei haijasogea. Hisa za kukopeka zikipungua siku hadi siku huku ada ikipanda, au mkutano wa wanahisa ukikaribia na wakopeshaji wakitaka kupiga kura, huenda hisa zikadaiwa. Ukitoka hapo, angalau unanunua kabla ya wale watakaolazimishwa.