Kituo kibovu kuliko vyote si kile mnachokisema

Jana nilikaa na kaunta buku la maji la kijijini kwetu, huku upande wa Magu, kama saa mbili hivi, na nimetoka hapo na hasira kidogo. Tuna vituo tisa vya pampu za mkono, zote Afridev. Uliza mtu yeyote kituo gani kinasumbua atakwambia cha shuleni, hata mwenyekiti wa jumuiya ya maji anasema hivyo hivyo. Na kweli ukihesabu mistari, cha shuleni kimeharibika mara sita mwaka jana, cha mwaloni mara moja tu.

Sasa hesabu siku badala ya mara. Cha shuleni kila kikifa fundi anakuja, siku mbili kimerudi, kwa hiyo mara sita ni siku 12, gawa kwa 365 zidisha kwa 100, asilimia 3.3. Cha mwaloni kilikufa tarehe 3 Agosti kikapona 16 Oktoba. Siku 74! Hiyo ni asilimia 20, yaani moja ya tano ya mwaka mzima watu wa mwaloni wamechota ziwani, kwenye maji ya kichocho, na hakuna aliyekiita kituo kibovu kwa sababu kwenye daftari ni mstari mmoja tu.

Halafu ripoti iliyopelekwa juu ndio ilinimaliza. Walijumlisha siku zote za vituo vyote tisa, zikatoka 106, wakagawa kwa siku 3,285, jibu asilimia 3.2, wakaandika vituo vyetu vinatoa maji kwa asilimia karibu 97. Hesabu iko sawa kabisa, mi siipingi, ila mama wa mwaloni ukimsomea hiyo 97 atakushangaa. Wastani wa kijiji umemmeza yeye na dumu lake. Wangeandika tu kila kituo na asilimia yake, mistari tisa, inaenea karatasi moja.

Lakini hizo siku 74 zenyewe zimetoka wapi? Hapa namshukuru katibu, maana kwa mstari huo mmoja aliandika tarehe zote, sijui ni bahati au siku hiyo alikuwa na muda. Pampu imekatika fimbo tarehe 3, fundi amefungua na kujua kinachotakiwa tarehe 6. Hela imetoka benki tarehe 9 Oktoba. Spea imefuatwa Mwanza mjini, imefungwa tarehe 16. Kwa hiyo kujua tatizo siku 3, kununua na kufunga siku 7, na katikati hapo siku 64 za kusubiri hela, hela ambayo ilikuwepo kwenye akaunti, ila mmoja wa watia saini alikuwa kambi ya dagaa visiwani na hakuna aliyebadilisha jina lake. Ungeangalia zile siku 74 peke yake ungesema fundi mvivu, kumbe kazi yake yeye pale kisimani ilikuwa ya asubuhi moja. Ndio maana nasema daftari lenye safu ya "kizima" na "kibovu" tu halina msaada, weka tarehe ya kuharibika, ya fundi kukagua, ya hela kutoka, ya kupona.

Turudi shuleni, maana nako kuna kitu. Mara tatu kati ya sita wameandika "pampu mbovu", basi. Nikampigia fundi, akaniambia bila kufikiri, "mzee, zote ni yu-sili." Yu-sili ni ile raba ya kwenye pistoni inayobana maji yapande, na kwa kawaida unaibadilisha kama mara moja kwa mwaka. Ingekuwa bushi za kule juu kwenye mpini ningesema ni wanafunzi, wanapampu siku nzima na wengine wanauning'inia, lakini raba ya chini kuisha kila miezi miwili, hapo nashuku mchanga. Tulipampu ndoo nyeupe, tukaiacha itulie, chini ikabaki punje unazisikia kwa kidole. Fundi anasema hata silinda ndani ina mikwaruzo, kwa hiyo ukiweka raba mpya nayo inaliwa vile vile.

Kwa hiyo tumekuwa tukinunua raba sita kwa mwaka kutibu kisima kinachotakiwa kusafishwa kwa kompresa, au angalau pampu inyanyuliwe kidogo kutoka chini. Kungekuwa na safu ya kifaa kilichobadilishwa, mara ya tatu tu mtu angeshtuka.

Nimechora safu hizo kwa rula kwenye kurasa zilizobaki. Katibu anasema zimembana, mwandiko wake mkubwa. Na jina la yule wa dagaa, mpaka naandika hapa, bado liko benki.