Kiswahili nyumbani, Kijerumani darasani

"Dada, mwalimu anasema tuongee Kijerumani nyumbani ili mtoto asibaki nyuma. Tuache Kiswahili?"

Mdogo wangu anaishi Würzburg, Ujerumani, mji wenye udugu na Mwanza yetu tangu 1966, na mwanawe yuko darasa la pili.

Hofu ya mwalimu ina msingi. Katika jimbo lao la Bavaria, mtoto akifika darasa la nne hupigiwa wastani wa masomo matatu: Kijerumani, hisabati, na somo la jamii na mazingira. Alama ya juu kabisa ni 1, na kuingia gimnazia, sekondari inayoandaa watoto kwa chuo kikuu, moja kwa moja wastani usizidi 2.33. Hapo mtoto ana miaka kama kumi tu. Kijerumani chake kikiwa chembamba, hata hesabu za mafumbo zitamshinda.

Lakini Kijerumani hicho atakipata kwa nani? Mama yake kajifunza ukubwani. Der, die na das, vineno vinavyotangulia majina kuonyesha jinsia yake, bado vinamchanganya. Akimlea nacho, mtoto ataishia kusikia vaa viatu, kula, lala. Bora akipate kwa wenyewe: wenzake wa michezo, walezi wa baada ya masomo, vitabu vya maktaba. Nyumbani aelezwe kwa lugha ambayo mama anaimudu. Wakifundishwa mzunguko wa maji, mama amweleze jinsi jua linavyopasha ziwa, mvuke ukapanda, ukapoa ukawa wingu, mvua ikatunyeshea Mwanza usiku. Akishaelewa hivyo, darasani anabaki kutafuta majina tu.

Ila sisi wapenzi wa Kiswahili tukubali: Kiswahili cha jikoni pekee hakitoshi. Likizo iliyopita mtoto alikaa kwetu wiki sita. Pale mwaloni Kirumba alisoma jina lililoandikwa ubavuni mwa mtumbwi, ZAWADI, akatamka "tsavadi". Kwa Kijerumani z ni ts, w ni v, na j ni y, kwa hiyo hata "jina" kwake lilikuwa "yina". Kuongea anaongea, kusoma hajawahi kusomeshwa.

Jioni akauliza, "Bibi, kisu yangu iko wapi?" Ngeli ndizo zinaanza kumomonyoka, kila kitu kinakimbilia "yangu" na "iko". Mama hakumkosoa. Alimjibu tu, "Kisu chako kiko mezani, mjukuu wangu. Na kijiko chako kiko wapi?" Aliendelea hivyo kila siku, na kabla ya safari "changu" ilikuwa imerudi.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiache. Kila jioni soma naye Kiswahili dakika kumi na tano, ukianza na maneno yenye j, w na z. Siku atakapokuelewa vizuri halafu akakujibu kwa Kijerumani, usimfuate huko: rudia jibu lake kwa Kiswahili, endelea na mazungumzo. Najua kuna siku unatoka kazini umechoka hoi. Siku hizo mpigie Mama, mtoto amsomee bibi yake ukurasa mmoja kwa simu.