Boti ya kukaribisha wageni: mbele ya kundi au faraghani?

"Boti yetu ya Telegram humkaribisha kila anayejiunga mbele ya kundi zima, kisha humwomba athibitishe jina na mkondo wake wa masomo hapo hapo. Wenzangu wanataka shughuli hiyo ihamie faraghani, kabla mtu hajaingia. Nani yuko sahihi?"

Wenzako wako sahihi kuhusu uthibitisho, nawe uko sahihi kuhusu makaribisho. Mvutano wenu umetokana na kuyabeba mambo hayo mawili katika ujumbe mmoja, ilhali kila moja lina mahitaji yake.

Nianze na upande wako, kwa kuwa una hoja ambayo wengi huipuuza. Boti ya Telegram haina ruhusa ya kumwandikia mtu ambaye hajawahi kuanza mazungumzo nayo. Ikijaribu, seva hurudisha kosa namba 403 lenye maneno `bot can't initiate conversation with a user`, na mgeni hajui kamwe kwamba kulikuwa na ujumbe uliomkusudia. Kundini hakuna kizuizi hicho: mtu akishaingia, boti inaweza kumtaja kwa jina na kumwekea vitufe chini ya salamu. Wanachama wa zamani nao wanaona kwamba kuna mgeni, na akikwama yupo wa kumwelekeza abonyeze wapi. Msaada huo wa binadamu una thamani kubwa, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuzungumza na boti na anayesita kugusa kitufe asichokijua.

Hata hivyo, uwanja huo wa wazi una kasoro ambazo huonekana siku kundi linapofurika. Chukua kundi la wanafunzi wa kozi ya masafa mwanzoni mwa muhula, watu 15 wakiingia ndani ya dakika moja. Kama ilivyo desturi, boti kwanza inawafunga wasiweze kuandika, kwa amri ya `restrictChatMember`, kisha inamtumia kila mmoja salamu yenye vitufe na kuwaachilia wanaothibitisha. Telegram haikubali boti itume zaidi ya ujumbe 20 kwa dakika katika kundi moja. Salamu 15 peke yake zinapita, lakini wanaothibitisha nao wanapewa ujumbe wa "Asante, karibu", na hapo kikomo kinavukwa. Seva inajibu kwa kosa namba 429 pamoja na `retry_after`, yaani idadi ya sekunde za kusubiri kabla ya kujaribu tena. Boti iliyoandikwa bila kuzingatia jibu hilo inauacha ujumbe upotee na kuendelea na kazi nyingine. Mgeni anayefuata anafungwa mdomo kama wenzake, lakini kitufe cha kujifungulia hakimfikii. Hawezi kuuliza kundini kwa sababu amefungwa, na wasimamizi hawamwoni akilalamika. Dalili yake ni orodha ya wanachama wenye vizuizi inayorefuka taratibu bila mtu yeyote kueleza sababu.

Kasoro ya pili ni ndogo kwa umbo, ila nimeiona ikiharibu kumbukumbu za kundi zima. Kitufe kilichowekwa chini ya ujumbe wa kundi kinaweza kubonyezwa na mwanachama yeyote, si yule aliyetajwa tu. Mwanachama wa zamani mwenye nia njema anaona salamu, anabonyeza "Ndiyo, ni sahihi" ili kumsaidia mgeni, na boti inaandika kwamba mgeni amethibitisha mkondo wa jioni wakati mgeni mwenyewe hata hajausoma ujumbe. Dawa ni kuweka namba ya mhusika ndani ya data ya kitufe na kuilinganisha na namba ya aliyebonyeza:

```python
mhusika = int(query.data.split(":")[1])
if query.from_user.id != mhusika:
    await query.answer("Kitufe hiki ni cha mgeni.", show_alert=True)
    return
```

Mistari hiyo minne inatosha kwa tatizo hilo, lakini haigusi lile kubwa zaidi. Mgeni aliyefungwa asiandike hawezi kusahihisha jina lake kwa maandishi. Kundini anaweza kubonyeza tu. Kwa hiyo boti inayotaka jina sahihi mbele ya kundi ama imfungulie kabla ya kuthibitisha, na hapo kizuizi kinakosa maana, ama ikubali jina lolote alilojiwekea kwenye akaunti yake. Telegram inalazimisha jina la kwanza lisiwe tupu, lakini haijali kama ni jina halisi, lakabu au ua lililochorwa. Na hata akifunguliwa, jina kamili linabaki kwenye mazungumzo yanayosomwa na kila mtu.

Ndiyo maana wenzako wanavutwa na njia ya faragha. Kiungo cha mwaliko kinatengenezwa kwa kuweka `creates_join_request` kuwa `true`, na boti inapewa usimamizi wenye ruhusa ya kualika. Kuanzia hapo, anayebofya kiungo haingii moja kwa moja bali anawasilisha ombi, na boti inapokea taarifa ya `chat_join_request`. Ndani yake kuna `user_chat_id`, na hapo sheria ya kutomwandikia mtu kwanza inalegezwa: boti inaruhusiwa kumwandikia mwombaji kwa dakika 5, maadamu ombi halijashughulikiwa na hakuna msimamizi mwingine aliyewasiliana naye. Mazungumzo yanafanyika pembeni, jina linaandikwa bila kuonwa na wengine, na mtu anaingia kundini akiwa tayari anatambulika.

Udhaifu wa njia hii umo katika dakika hizo 5. Tuseme boti ilizimika kwa saa moja usiku na watu watatu wakaomba kujiunga. Telegram huhifadhi taarifa ambazo boti haijazichukua kwa muda usiozidi saa 24. Kwa hiyo boti ikiamka inayakuta maombi yote matatu kana kwamba yameingia sasa hivi. Inamwandikia wa kwanza na kupata lile kosa la 403, kwa kuwa muda umekwisha zamani. Boti nyingi huishia hapo, na ombi linabaki likining'inia mpaka msimamizi alikute. Mwombaji kwa upande wake anaona tu kwamba ombi limetumwa, na baada ya siku mbili anahitimisha kwamba amekataliwa. Kwangu mimi hili ni kosa zito kuliko salamu zinazojaa kundini, kwa sababu halionekani kwa mtu yeyote aliye ndani.

Hivyo ningependekeza faragha iwe mlango wa kwanza na kundi liwe mlango wa akiba. Boti ikipokea ombi, imwandikie mwombaji papo hapo ujumbe mfupi wenye lengo moja tu: kumfanya ajibu. Akishaanza mazungumzo mwenyewe, dakika 5 hazimhusu tena, na maswali mengine yanaweza kuulizwa kwa utulivu. Ikipata kosa la 403, isilitupe ombi. Iliidhinishe kwa `approveChatJoinRequest`, imfunge mtu huyo asiandike, kisha itume kundini salamu fupi yenye kitufe kimoja kinachompeleka kwenye boti kwa kiungo cha aina ya `t.me/jina_la_boti?start=karibu`. Akibofya na kubonyeza `Start`, mazungumzo yanakuwa yameanzishwa naye, na uthibitisho unafanyika faraghani kama kwa wengine. Salamu za namna hii huwa chache, kwa hiyo kikomo cha 20 kwa dakika hakifikiwi kirahisi, ingawa bado ni lazima boti iheshimu `retry_after`.

Sasa niguse uthibitisho wenyewe, ambao katika mabishano ya wapi ufanyike husahauliwa. Kuthibitisha si sawa na kujaza. Ukimwonyesha mtu taarifa zilizokwisha andikwa na kumwekea kitufe cha "Ndiyo", wengi watabonyeza ili wapite, hasa kitufe hicho kikiwa ndicho kinachofungua mlango. Njia hii ni ya haraka na haina makosa ya tahajia, lakini inazaa uthibitisho usio na uzito. Ukimwachia mtu aandike kila kitu, unapata usikivu wake, ila pia unapata mkondo ulioandikwa kwa namna sita tofauti, na baadhi ya watu wanaacha katikati.

Katika kundi lenu ningeutenganisha ujumbe huo kuwa miwili. Jina liulizwe wazi na mtu aliandike, kwa sababu boti haina chanzo cha kuaminika cha kulijua. Mkondo uchaguliwe kwa vitufe viwili vyenye majina yake, "Asubuhi" na "Jioni", bila kimoja kutangulizwa kama jibu linalotarajiwa. Kisha boti irudie yote mawili katika ujumbe mmoja wenye vitufe "Ni sahihi", "Badilisha jina" na "Badilisha mkondo". Kitufe kimoja cha "Si sahihi" hakifai, kwa kuwa humrudisha mtu mwanzo ili arekebishe herufi moja, na akirudishwa mara ya pili atakubali kosa lipite.

Kuna wanaopendekeza boti isome orodha ya usajili na kumwonyesha mgeni jina lake kutoka humo. Hilo lina usalama pale tu mtu anapokuwa ametaja kwanza kitu anachokijua yeye, kama namba yake ya usajili. Bila hivyo, yeyote aliyeokota kiungo anaweza kuitumia boti kujua nani wamesajiliwa. Na mkiomba namba ya simu kupitia kitufe cha kushiriki mawasiliano, hakikisheni `contact.user_id` inalingana na namba ya aliyetuma, kwa sababu mtu anaweza kutuma kadi ya mwenzake.

Jambo moja linaweza kuivunja njia ya faragha bila kelele yoyote: viungo vya zamani. Kiungo cha kawaida kilichosambazwa kabla ya mabadiliko kinaendelea kumwingiza mtu bila ombi mpaka kibatilishwe. Boti hubatilisha kwa `revokeChatInviteLink` viungo ilivyotengeneza yenyewe tu, na kila msimamizi anaweza kuwa na kiungo chake. Kadhalika, mwanachama mwenye ruhusa ya kuongeza watu anaweza kumwingiza rafiki yake moja kwa moja. Iwekeni boti ipokee taarifa za `chat_member`, ambazo haziletwi mpaka zitajwe katika `allowed_updates`. Kwa wanaoingia kupitia mwaliko, taarifa hizo hubeba `invite_link` iliyotumika. Zifuatilieni kwa wiki ya kwanza, na kila mnapoona mtu ameingia kwa kiungo kisicho cha ombi, au bila kiungo chochote, mtumieni salamu ya akiba kama wale waliopitwa na dakika 5, kisha tafuteni ni kiungo cha msimamizi gani ambacho bado kiko wazi.